Kisa cha usaili mmoja Mwanza: mwombaji aliyesema "tulikubaliana" na jopo lililokaribia kumpoteza

Kisa hiki kinamhusu mhandisi wa programu aliyeomba kazi ya ngazi ya stafu katika kampuni ninayofanyia kazi hapa Mwanza. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jopo la usaili. Mhusika ameridhia kisa kiandikwe na amesoma rasimu. Majina ya watu, ya kampuni zote mbili na ya mialo nimeyaondoa, na tarakimu za biashara nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake.

Kwa wasiozoea ngazi hizi: mhandisi mwandamizi hupewa tatizo kubwa la timu yake akalimaliza. Stafu hana timu anayoiamuru, lakini maamuzi yake yanagusa timu tatu au nne kwa pamoja. Kwa hiyo katika usaili wa stafu hatumpi mtu msimbo auandike mbele yetu. Tunataka kujua mambo matatu: aliwahi kuchagua nini kati ya njia mbili zenye gharama, aliwafanyaje watu wasio chini yake wakubali, na wahandisi chipukizi waliopita mikononi mwake walitoka na nini.

## Usuli: mfumo aliotoka nao

Mwombaji alikuwa ametoka katika kampuni inayonunua dagaa na sangara kwenye mialo ya ziwa, bara na visiwani. Mvuvi anafika alfajiri, karani anapima mzigo na kuingiza kipimo kwenye simu, kipimo kinakwenda kwenye seva, na seva inamlipa mvuvi kwa pesa za simu. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na timu nne: ya mialoni, inayotengeneza programu ya simu ya karani, ya malipo, ya ghala na magari, na ya taarifa, inayowapa wakubwa hesabu za kila siku. Wahandisi wote walikuwa 11.

Ugonjwa wao ulikuwa malipo kujirudia. Visiwani mtandao unakatika katikati ya kutuma. Simu inatuma kipimo, seva inakipokea na kulipa, lakini jibu halirudi. Karani anaona duara linazunguka, anabonyeza "Tuma" tena, na mvuvi analipwa mara mbili kwa mzigo mmoja. Siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa wingi, hasara ilikuwa inaonekana wazi kwenye hesabu. Mbalamwezi ikiwa kubwa na mitumbwi ya dagaa ikipumzika, ugonjwa nao unatulia, na wakubwa wanadhani umepona.

Timu ya malipo ilikuwa imejaribu dawa ya haraka: mvuvi yuleyule akija na kipimo kilekile ndani ya dakika kumi, seva ikatae. Dawa hiyo ikaleta ugonjwa mwingine. Dagaa wabichi wanapimwa kwa ndoo, na ndoo ni ileile mwalo mzima. Mvuvi anashusha ndoo kumi, anarudi kwenye mtumbwi, anashusha nyingine kumi. Kwa seva hizo ni rekodi mbili zinazofanana kila kitu, lakini ni mizigo miwili halali. Wavuvi wakaanza kukosa pesa zao, na kelele za mvuvi aliyekosa malipo zinafika ofisini haraka kuliko za kampuni iliyolipa mara mbili.

Haya yote nayaeleza kwa utaratibu kwa sababu sasa nayajua. Siku ya usaili wa kwanza hatukuyasikia hivi.

## Usaili wa kwanza

Jopo lilikuwa la watu watatu: mimi, mkuu wa timu yetu ya malipo ambaye ni mtu mzima kuliko sisi wote, na mwenzetu aliyejiunga kwa video kutoka Dar es Salaam. Mwombaji, dada wa miaka thelathini na kitu, aliingia, akamwamkia mzee wetu shikamoo, akakaa.

Saa ya kwanza tulimpa swali la usanifu lililokuwa kwenye fomu yetu: sanifu mfumo wa malipo utakaohudumia watumiaji milioni moja. Akauliza kama hao milioni wanalipwa kwa wakati mmoja au kwa mwezi. Mwenzetu wa Dar akamwambia achukulie tu ni wengi. Akachora visanduku, akaweka foleni ya ujumbe, akagawa kanzidata. Hapakuwa na kosa. Hapakuwa pia na kitu ambacho mhandisi yeyote aliyejiandaa asingekichora.

Saa ya pili tukamwomba atueleze uamuzi mmoja wa kiufundi uliogusa timu zaidi ya moja. Jibu lake niliandika karibu neno kwa neno:

"Tulikuwa na tatizo la malipo kujirudia. Ikaonekana tatizo linaanzia kwenye simu. Tukakubaliana ufunguo wa kila muamala utengenezwe kwenye simu badala ya seva. Timu ya mialoni wakabadilisha programu, na tatizo likaisha."

Mzee wetu akamuuliza, "Na timu ya mialoni walikubali hivihivi?" Akajibu, "Mwanzoni kulikuwa na mashaka kidogo, lakini tulielewana." Tukauliza kuhusu kulea chipukizi. "Kulikuwa na kijana mmoja tulikuwa tunamsaidia, akafanya vizuri." Muda ukaisha.

## Kikao cha jopo

Fomu yetu inataka kila mjumbe aandike alama zake kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Siku hiyo kulikuwa na haraka, umeme ulikuwa umekatika na video ya Dar inayumba, tukaruka hatua hiyo. Mzee wetu akasema kwanza: "Ni fundi mzuri. Ila si kiongozi, alikuwa anafuata wenzake." Mwenzetu wa Dar akakubali. Nami, ambaye sikuwa na maoni thabiti, nikajikuta naandika alama zinazofanana na zao: usanifu tatu kati ya nne, athari nje ya timu mbili, kulea wengine mbili. Kwa utaratibu wetu, kipengele chochote ambacho wengi wa jopo wamekipa mbili kinazuia ngazi ya stafu. Tukaamua tumpe ofa ya uhandisi mwandamizi.

Usiku nilirudi kwenye maandishi yangu ili niandike sababu za uamuzi, na sikuweza. Kila nilipojaribu kuandika "hakuonyesha mchango wake", niliona kwamba sikuwa nimeuliza mchango wake ulikuwa upi. Nikahesabu vitenzi katika majibu aliyoyatoa: vya "tu-" vilikuwa 23, vya "ni-" vilikuwa vitatu, na vilivyobaki vilikuwa vya "ikaonekana" na "ikaamuliwa", visivyo na mtendaji kabisa. Nani alionyesha? Nani aliamua? Niligundua sijui. Inawezekana alikuwa abiria katika kazi hiyo, na inawezekana pia ndiye aliyeshika usukani. Maandishi yangu yasingeweza kunitofautishia.

Asubuhi niliwaomba wenzangu dakika 45 za ziada na mwombaji kabla ofa haijatoka. Mzee hakupenda mwanzoni. Alisema tukimfungulia huyu mlango wa pili, wengine tuliowakataa wana haki ya kutulaumu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na nitairudia chini. Alikubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe ndiye aulize.

## Dakika arobaini na tano

Mzee alianza hivi: "Dada, uliposema ikaonekana tatizo linaanzia kwenye simu, nani aliona, na alikuwa wapi alipoona?"

Kimya kidogo, kisha akasema alikuwa yeye. Alipanda kivuko kwenda Ukerewe na kiongozi wa timu ya mialoni, wakakaa mwaloni alfajiri mbili. Kila karani ana daftari la kalamu anakoandika mizigo hata kama simu ipo, kwa sababu hamwamini mtu. Yeye akaketi na daftari la karani mmoja, akalilinganisha mstari kwa mstari na orodha ya malipo ya seva. Mizigo ya daftarini ilikuwa 83. Malipo ya seva yalikuwa 88. Matano ya ziada yote yaliangukia dakika ambazo mtandao ulikatika, na karani alikumbuka kubonyeza tena.

Mzee akaendelea: "Huyo kiongozi wa mialoni, alipinga nini hasa?"

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Alisema, "Yule kaka ni mkubwa kwangu. Siwezi kukaa hapa niseme nilimshinda." Mzee akamwambia, "Hatuulizi kama ulimshinda. Tueleze yeye alikuwa anaona nini." Kwa swali hilo akazungumza dakika kumi bila kusimama.

Kiongozi wa mialoni alikuwa anaona kitu cha kweli. Ufunguo, yaani alama ya pekee inayotambulisha kila mzigo, ukitengenezwa kwenye simu, lazima programu ya simu ibadilike. Kulikuwa na simu 60 mikononi mwa makarani, nyingine visiwani ambako kupakua toleo jipya kunachukua siku. Kwa wiki kadhaa matoleo mawili yangeishi pamoja, na timu yake ndiyo ingepokea simu za usiku. Faida ingekwenda kwa timu ya malipo, mzigo ungebaki kwake. Kwa nini akubali?

Mwombaji akarudi na pendekezo lililobadilisha ugawaji wa mzigo. Toleo la zamani la programu lilikuwa tayari linatoa namba ya risiti inayohesabiwa ndani ya kila simu. Akapendekeza seva ijitengenezee ufunguo wa muda kwa simu za zamani kwa kuunganisha namba ya simu na namba ya risiti, mfano `simu-17/risiti-204`. Simu mpya zingetuma ufunguo wake zenyewe, uliotengenezwa wakati wa kupima na kuhifadhiwa kwenye simu kabla ya kutuma. Hapo timu ya mialoni ingebadilisha simu kwa mwendo wake, usiku wa mbalamwezi kubwa ambapo kazi ni chache. Upande wa seva ulikuwa mfupi hivi:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  ufunguo   text PRIMARY KEY,
  mvuvi_id  bigint NOT NULL,
  kiasi     bigint NOT NULL,
  hali      text NOT NULL
);

INSERT INTO malipo (ufunguo, mvuvi_id, kiasi, hali)
VALUES ($1, $2, $3, 'imepokelewa')
ON CONFLICT (ufunguo) DO NOTHING;
```

Ombi likija mara ya pili na ufunguo uleule, mstari hauongezeki na pesa haitoki tena. Mizigo miwili ya ndoo kumi ina funguo mbili, kwa hiyo yote inalipwa. Kiini chake ni kwamba utambulisho unatoka kwenye tendo la kupima. Yaliyomo kwenye rekodi hayatumiki kutambua mzigo, wala kitendo cha kutuma.

Mwenzetu wa Dar akauliza njia ya muda ingeharibika wapi. Akajibu bila kusita: karani akifuta programu na kuiweka upya, hesabu ya risiti inaanza tena moja, na mzigo halali wa leo unagongana na wa mwezi uliopita. Kwa hiyo seva, ufunguo ukigongana, ililinganisha pia mvuvi na kiasi. Vikitofautiana, ombi halikumezwa kimya, lilipelekwa kwa mtu alitazame. Ilitokea mara mbili katika miezi miwili. Alikuwa anajua mipaka ya dawa yake, na anajua alama ya kuitambua ikianza kushindwa.

Nikamuuliza swali tulilokuwa tumelikosea siku ya kwanza: kwa nini hamkuweka foleni kubwa ya ujumbe, Kafka kwa mfano, kama alivyotuchorea ubaoni? Akacheka kidogo, akachukua kalamu. Simu 60, kila moja vipimo kama 80 kwa asubuhi yenye mzigo, jumla 4,800. Karibu vyote vinaingia ndani ya saa mbili, yaani sekunde 7,200. Hiyo ni vipimo viwili kila sekunde tatu. Hata zikiongezeka mara tatu ni viwili kwa sekunde moja, kazi ambayo kanzidata moja ya kawaida inaifanya bila kutoka jasho. Timu ya taarifa ndiyo iliyoitaka Kafka, ili ipate data papo hapo. Yeye aliwauliza nani kati ya watu 11 ataamka saa tisa usiku ikisimama. Hakuna aliyejitokeza.

Wakabaki na kanzidata moja, lakini timu nyingine zikaacha kusoma majedwali ya malipo moja kwa moja. Kila badiliko liliandikwa katika jedwali la matukio ndani ya muamala uleule wa kanzidata, na ghala na taarifa wakawa wanasoma jedwali hilo tu. Walichoacha alikitaja mwenyewe: taarifa zilichelewa dakika kama tano, na kanzidata ikilala, timu zote nne zinalala pamoja. Walikubaliana kwa maandishi kuirudia mada endapo kampuni ya nje ingehitaji kusoma matukio hayo, au wasomaji wa ndani wakizidi watano.

Dakika za mwisho mzee alimuuliza kuhusu yule kijana. Alikuwa na miezi sita kazini, na alipewa sehemu ngumu kuliko inavyoonekana: seva inapoiomba kampuni ya pesa za simu ilipe, na jibu lisirudi. Kijana alikuwa ameandika kwamba baada ya sekunde 60 bila jibu, tuma tena. Mwombaji hakumwambia amekosea. Alimwomba achore mistari miwili, wao na kampuni ya simu, kisha aonyeshe nini kinatokea jibu likifika sekunde ya 61. Kijana alichora, akakaa kimya, akafuta alichoandika. Alirudi kesho yake na hali ya tatu, `haijulikani`: malipo hayajafaulu wala hayajashindwa, na hayatumwi tena mpaka kampuni ya simu iulizwe kwa kumbukumbu ileile na ijibu kwa uhakika kwamba haikuyapokea.

Gharama yake ilimwangukia mvuvi, anayehitaji petroli ya jioni na pesa yake "haijulikani" mpaka mchana. Hilo walilipeleka kwa watu wa biashara. Karani mmoja alipendekeza awalipe taslimu wanaosubiri, na mwombaji akakataa kwa sababu ndiyo njia ileile ya kulipa mara mbili ikiingia kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mvuvi alipewa risiti yenye neno "inasubiri", na wauza mafuta wa baadhi ya mialo wakakubali kukopesha kwa risiti hiyo. Baadhi tu.

Kisha akasema kitu ambacho hatukumuuliza. Tarehe ya kukamilisha ilipokaribia, kijana alikuwa bado hajamaliza ulinganishaji wa hesabu na kampuni ya simu. "Nikaichukua nikaimaliza mwenyewe usiku mbili. Ilifanya kazi. Lakini yeye mpaka leo sehemu ile haijui, na mimi ndiye niliyemnyima."

## Uamuzi

Safari hii kila mmoja aliandika alama kabla ya kusema. Usanifu ukapata nne kwa wote watatu, na athari nje ya timu nne, nne na tatu. Kulea wengine tulitofautiana. Mwenzetu wa Dar alitoa mbili, akisema kumnyang'anya kijana kazi ni kosa ambalo stafu hatakiwi kuwa nalo. Mzee na mimi tulitoa tatu, kwa sababu swali la sekunde ya 61 lilikuwa kazi ya ulezi ya kweli, na kwa sababu alilitaja kosa bila kusukumwa na akajua gharama yake ilimwangukia nani.

Tuliongea karibu saa nzima. Hatukumgeuza mwenzetu, naye hakutugeuza. Tulimpa mwombaji ngazi ya stafu, na hoja ya mwenzetu tukaiandika kwenye ofa kama jambo la kuangaliwa, tukamwambia wazi.

## Kilichofuata

Mwezi wa pili alikutana na timu zetu mbili zilizokuwa zinagombana kwa nusu mwaka kuhusu nani amiliki orodha ya wateja. Alifanya kama tulivyotegemea: alikaa na kila upande mahali pao pa kazi, akaandika kurasa mbili zinazosema kila chaguo kinamwongezea nani mzigo, na uamuzi ukapatikana ndani ya wiki tatu. Kiongozi wa upande uliokosa alitia sahihi waraka huo kwa hiari.

Mwezi wa nne alirudia kosa lake. Mhandisi chipukizi wetu alichelewa na kipande cha kazi, naye akakichukua Ijumaa usiku akakimaliza. Mwenzetu wa Dar alikuwa sahihi kwamba jambo hilo halikuwa la mara moja. Kwa kuwa tulikuwa tumeliandika, mazungumzo yalikuwa mafupi. Tulikubaliana kwamba kipande akishakikabidhi, yeye haandiki msimbo humo: anaweza kusoma, kuuliza na kuchora, basi. Muda ukibana, ama tarehe inasogea ama kazi inapunguzwa, na uamuzi huo anauleta kwangu mapema. Tangu hapo ameleta mara mbili. Mara moja tulisogeza tarehe, mara nyingine tulipunguza kazi.

## Uchambuzi

Kosa lililokaribia kutugharimu zaidi lilikuwa katika kusikiliza. Katika Kiswahili cha kazini, mtu aliyelelewa vizuri hasemi "niliamua" mbele ya wakubwa. Anasema "tulikubaliana", hasa kama aliyegeuzwa msimamo ni mkubwa kwake kwa umri. Jopo lililopokea fomu yake kutoka mahali ambako watu hujitaja bila haya litaisoma adabu hiyo kama upungufu. Hata hivyo sikubali ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba waombaji wafundishwe kusema "mimi, mimi". Tuliwahi kumchukua mtu aliyesema "nili-" katika kila sentensi, na baadaye tukagundua nusu ya hizo zilikuwa kazi za wenzake. Nafsi ya kitenzi haithibitishi kitu kwa upande wowote. Kilichotupa ushahidi ni maswali yanayodai mahali na tendo: nani aliona, alikuwa wapi, aliyepinga alikuwa anaona nini. Aliyekuwa abiria hawezi kueleza hoja ya mpinzani kwa uzito wake, maana hakuwahi kulazimika kuijibu. Nalo swali la mzee, "yeye alikuwa anaona nini", lilifanya kazi mbili: lilimruhusu mwombaji aseme bila kumvunjia mtu heshima, na lilitupa kipimo kigumu kuliko "ulimshawishije".

Swali la watumiaji milioni moja tumeliondoa. Lilimlazimisha mwombaji asanifu kwa mzigo ambao sisi wenyewe hatuna, na alipouliza swali sahihi, kama wanalipwa kwa wakati mmoja, tulimzima. Hapo ndipo hesabu ya vipimo viwili kwa sekunde tatu ingetokea siku ya kwanza. Sasa tunampa mtu mzigo wetu halisi, idadi ya watu wa zamu na ubora wa mtandao, kisha tunasubiri aseme ataacha nini na lini atabadili mawazo. Asiyetaja anachoacha, tunamuuliza mara moja. Akikosa tena, tunaandika hivyo.

Kikao cha kwanza kiliharibiwa na kuruka hatua ndogo. Mzee wetu ana uzito katika kampuni, na akishatoa kauli, mdogo wake hapingi kirahisi, hata kwa video. Mimi mwenyewe niliandika alama zake nikidhani ni zangu. Yeye ndiye aliyependekeza baadaye kwamba azungumze wa mwisho, na ndivyo tunavyofanya sasa. Umeme ukikatika, alama zinaandikwa kwenye karatasi.

Linabaki suala la haki alilolitaja. Huyu alipata dakika 45 ambazo wengine hawakuzipata, na alizipata kwa sababu tu mwenyekiti hakulala vizuri usiku ule. Tulirudi kwenye mafaili ya waombaji wawili wa stafu tuliowakataa kabla yake. Wa kwanza maandishi yake yalitosha kuonyesha kwamba tulimuuliza mara tatu nani alipinga na hakuwa na jibu. Uamuzi ule tumeuacha. Wa pili tulikuta mistari minne tu, na mmoja wake unasema: "Anasema walikubaliana." Nilimpigia simu nikamweleza kilichotokea na kumwomba arudi tukae naye upya. Alinishukuru, akasema ameshapata kazi kwingine, Bukoba.